Nani mwenye kosa? Maswali kuhusu kugonga kwa nyuma, kuchomekea na ajali za makutano

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara, ambako tunaendesha kushoto na barabara inatawaliwa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Zanzibar wana sheria yao. Nimeyaandika kwa ajili ya dereva au mwenye gari ambaye bati limeshakunjika na anataka kujua kama hoja yake ina mashiko kabla hajaanza kubishana na mwenzake. Kazi yangu ni kupitia madai ya bima za magari, kwa hiyo mifano mingi inatoka kwenye aina ya ajali ninazoziona mezani.

Ni nani hasa anayeamua kwamba fulani ana kosa?

Watu watatu tofauti, na si lazima wakubaliane.

Wa kwanza ni askari wa trafiki. Anapima ajali, anachora ramani, anachukua maelezo ya madereva na mashahidi, kisha anaamua nani ashtakiwe kwa kuendesha bila uangalifu au kwa kosa jingine. Wa pili ni kampuni ya bima. Hii husoma karatasi za polisi (kwa kawaida PF 90, PF 93 ya ukaguzi wa gari, PF 115 na ramani ya ajali), huangalia picha na kumtuma mtathmini alione gari, halafu ndiyo iamue kulipa au kukataa. Wa tatu ni mahakama, kama mmoja wenu amefungua kesi ya madai.

Tofauti kubwa iko hapa: trafiki huwa anatafuta mkosaji mmoja wa kumwandikia, lakini mahakama ya madai inaweza kugawa lawama kwa asilimia. Dereva aliyeandikiwa faini anaweza baadaye kuonekana alichangia asilimia 70 tu ya ajali, na 30 zikabaki kwa yule aliyekuwa akijiona mtakatifu. Kwa hiyo mtu akikuambia "trafiki ameshasema wewe ndiye, yameisha", ujue imeisha hatua ya kwanza tu.

Je, aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa siku zote?

Mara nyingi ndiyo. Siku zote, hapana.

Sababu ya kuanza na aliye nyuma ni kwamba yeye ndiye mwenye uwezo wa kuchagua umbali. Wa mbele ana haki ya kusimama ghafla akiona mtoto, shimo au mbuzi, na aliye nyuma anatakiwa awe ameacha nafasi ya kutosha kwa hilo. Kwenye kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mpaka jicho lione taa za breki na mguu ufike kwenye pedali, sekunde moja hadi moja na nusu imeshapita, yaani mita 14 hadi 21 kabla breki hazijaanza kushika. Kisha breki zenyewe, kwenye lami kavu na tairi nzuri, zinahitaji kama mita 14 nyingine. Jumla ni mita 28 hadi 35. Kwenye kilomita 80 jumla inafika karibu mita 60 hadi 70, na lami ikiwa na maji ongeza tena.

Ndiyo maana maneno "alifunga breki ghafla" hayamsaidii sana aliyegonga. Kwangu mimi sentensi hiyo inasomeka kama kukiri kwamba mlikuwa mmebanana.

Basi ni lini wa mbele anabeba kosa?

Anapofanya jambo ambalo umbali wa aliye nyuma usingeweza kulizuia. Anaporudi nyuma. Anapoachia gari lirudi kwenye mlima wakati wa kuondoka kwenye foleni, hasa malori yenye mzigo. Anapoegesha lori bovu usiku katikati ya njia bila hazadi wala pembetatu za kuakisi, au na matawi yaliyotupwa mita tatu tu nyuma yake. Anapokuwa na taa za breki zisizowaka. Na anapokuchomekea, ambalo ni suala pana na nimelitengea swali lake hapo chini.

Ugumu ni kuthibitisha. Kesi ya kawaida kabisa ni hii: wa nyuma anasema "wewe ndiye uliyerudi", wa mbele anasema "wewe ndiye uliyenigonga", na bampa zote mbili zimepasuka. Hapo angalia urefu wa alama kutoka chini. Gari linalofunga breki kwa nguvu huinamisha pua. Likigonga likiwa limeinama, boneti yake huingia chini ya bampa ya gari la mbele, na alama zake zinakuwa chini kuliko kimo chake cha kawaida. Kama wa mbele alirudi taratibu na wa nyuma alikuwa amesimama, bampa zinakutana kwenye kimo kilekile zilichonacho zikiwa zimeegeshwa. Yaweke magari karibu karibu kwenye uwanja wa kituo cha polisi, pima kwa futi, na utaona ni hadithi ipi inayolingana na bati.

Kuhusu taa za breki, balbu za zamani zenye uzi zinatunza siri. Uzi uliokuwa unawaka wakati wa kishindo unakuwa laini kwa joto, kwa hiyo unavutika na kupinda. Uzi uliokuwa baridi unakatika kavu. Kioo cha balbu kikipasuka huku uzi unawaka, unaungua na kuacha unga mweupe au wa njano ndani. Usimruhusu fundi azitupe balbu za nyuma kabla hazijaangaliwa. Taa mpya zisizo na uzi hazina ushahidi huu.

Tuligongana magari matatu kwenye foleni. Mimi nilikuwa katikati. Nalipa la mbele?

Inategemea kama ulimgonga wa mbele wewe mwenyewe au ulisukumwa.

Muulize dereva wa mbele swali moja, na muulize mapema kabla hajazungumza na wengine: ulisikia vishindo vingapi? Kimoja maana yake ni kwamba wa katikati alikuwa amesimama au amekaribia kusimama, akasukumwa. Viwili, cha kwanza kidogo na cha pili kikubwa, maana yake wa katikati aligonga kwanza, kisha wa tatu akaja kumsukuma tena. Jibu hilo likiandikwa kwenye maelezo ya polisi siku ileile lina uzito kuliko barua ya kurasa tano miezi mitatu baadaye.

Halafu linganisha uharibifu wa gari la katikati. Aliyesukumwa huwa ameumia zaidi nyuma kuliko mbele, kwa sababu nguvu imeingilia nyuma na nyingine imeliwa na breki zake. Pua ikiwa imeharibika zaidi kuliko mkia, dai la kusukumwa linaanza kuyumba. Panapokuwa na vishindo viwili, wa katikati na wa tatu hugawana hasara ya gari la mbele, na wa tatu peke yake hubeba mkia wa gari la katikati.

Kuna hoja huwa inaletwa kwamba wa katikati alipaswa kuacha nafasi hata akiwa amesimama, ili akisukumwa asimfikie wa mbele. Ni tabia nzuri, lakini sijaona ikimbebesha mtu lawama kubwa kwenye foleni ya kawaida ya mjini.

Daladala ilinichomekea kutoka kituoni, nikaigonga kwa nyuma. Trafiki anasema kosa ni langu kwa kuwa nimegonga nyuma. Ni sawa?

Swali hili ndilo linaloletwa zaidi, kwa hiyo tulifuate hatua kwa hatua kwa mfano mmoja.

Barabara ina njia mbili kila upande. Gari dogo liko njia ya kushoto, dereva wake anasema alikuwa kwenye kilomita 50. Daladala inatoka kwenye kituo upande wa kushoto. Dereva wa gari dogo anasema, "Imeingia ghafla, sikuwa na pa kukimbilia." Konda anasema, "Kaka, sisi tulishaingia zamani, tumesimama kwenye foleni, yeye alikuwa na simu." Hakuna kamera.

Anayetoka kituoni au anayehama njia ndiye mwenye wajibu wa kusubiri. Indiketa haimpi haki ya kuingia. Inatangaza nia tu. Lakini akishaingia, akanyooka na kukaa kwenye njia kwa muda ambao aliye nyuma angeweza kupunguza mwendo, amekuwa gari la mbele kama magari mengine, na wajibu wa umbali unarudi kwa wa nyuma. Swali lote basi ni hili: wakati wa kishindo, daladala ilikuwa bado inaingia au ilikuwa imeshaingia?

Anza na gari dogo. Taa ya mbele kushoto imevunjika, madigadi ya kushoto imesukumwa ndani, na upande wa kulia wa bampa hauna hata mkwaruzo. Nenda kwenye daladala. Kona ya nyuma kulia imebonyea, na kutoka kwenye kona hiyo kuna michubuko inayokwenda mbele ubavuni. Hapo tayari tunajua kwamba hazikukutana uso kwa mgongo. Sehemu ndogo tu ya gari dogo ilikutana na kona ya daladala, na daladala ilikuwa imekaa mshazari, pua imeelekea kulia. Gari lililonyooka kwenye njia halipati jeraha la aina hiyo.

Kisha lami. Vipande vya taa vinaweza kuruka mbali, kwa hiyo havitoshi peke yake. Tafuta udongo mkavu. Chini ya madigadi za kila gari la Dar es Salaam kuna tope lililokauka, na kishindo hulidondosha karibu kabisa na pale magari yalipokutana. Kwenye mfano wetu udongo uko sentimita chache kulia kwa mstari unaotenganisha barabara na eneo la kituo. Daladala ilikuwa imeingiza nusu ya mwili.

Hapo mimi ningeandika kwamba sehemu kubwa ya lawama ni ya daladala. Ya gari dogo ningeiacha iamuliwe na mwendo wake: anayepita mbele ya kituo kilichojaa daladala, zenye abiria wanaopanda, anategemewa atarajie mojawapo kutoka.

Sasa geuza alama. Bampa ya gari dogo imebonyea sawasawa upana wake wote, na kwenye mlango wa nyuma wa daladala zimechapwa alama za skrubu za pleti namba katikati kabisa. Udongo uko katikati ya njia. Hapo konda anasema kweli: walikuwa wameshanyooka. Huenda waliingia vibaya dakika moja kabla, lakini ajali haikutokana na kuingia kwao.

Kwa hiyo ukiwa kituoni, usibishane na askari kuhusu nani kagonga nani nyuma. Mwombe kwa heshima: "Afande, naomba kwenye ramani uoneshe upande wa magari ulioguswa na mahali udongo ulipodondokea." Ombi hilo linafanya kazi zaidi kuliko kelele.

Tumechubuana ubavuni, kila mmoja anasema alikuwa kwenye njia yake. Mnajuaje aliyehama?

Michubuko inasema nani alikuwa na kasi zaidi. Haisemi nani alihama. Gari lenye kasi huchubuka kutoka mbele kwenda nyuma, na lile la polepole huchubuka kutoka nyuma kwenda mbele. Mwelekeo unaujua kwa kuangalia rangi: magamba yake hujikusanya mwishoni mwa mchubuko, pale ulipoishia. Watu wengi wanasimama hapo na kutangaza ushindi, wakati mwenye kasi anaweza kuwa ndiye aliyekuwa ametulia kwenye njia yake.

Kilicho muhimu ni mahali walipokutania ukilinganisha na mstari. Kukiwa na mistari iliyofutika, kama ilivyo kwenye barabara nyingi, pima kutoka ukingoni. Alama nyeusi ya tairi yenye umbo la nusu duara kwenye mlango wa mwenzako hudokeza kwamba tairi yako ya mbele ilikuwa imekatwa kuelekea kwake, kwa sababu tairi iliyonyooka hukaa ndani ya madigadi na haifiki kwenye mlango wa jirani.

Kuna hali ambayo wote wawili wanasema kweli: barabara ya njia tatu, mmoja anatoka kushoto, mwingine kulia, wote wanaingia ya katikati kwa wakati mmoja. Hapo hakuna mwenye njia, na kugawana nusu kwa nusu ni jambo la kawaida.

Nilikuwa nakata kulia, bodaboda ikanipitia kulia na kunigonga mlangoni. Nani?

Hapa lawama karibu kila mara inagawanywa, na mizani inaelemea upande mmoja kutokana na mambo machache. Bodaboda alikuwa anaovateki kwenye makutano, mahali ambapo hakupaswa kuovateki. Wewe ulipaswa kuwasha indiketa mapema, kusogea karibu na katikati ya barabara, na kuangalia kioo cha kulia kabla tu ya kukata. Dereva aliyewasha indiketa mita kadhaa kabla na kusogea katikati anakuwa salama zaidi. Aliyekuwa kushoto kabisa, akakumbuka ghafla kwamba ndiyo kona yake na kukata, anabeba sehemu kubwa hata kama bodaboda alikuwa anakimbia.

Indiketa ikivunjika, tumia hoja ileile ya uzi wa balbu. Abiria wa bodaboda ni shahidi muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi anaondoka na pikipiki nyingine kabla askari hajafika, na namba yake ya simu haichukuliwi na yeyote.

Kwenye makutano, nani anatakiwa kumpisha nani?

Fuata ngazi. Akiwepo askari anayeongoza magari, ishara yake inapita taa. Akiwa hayupo, taa zinapita alama. Taa zikiwa zimezimika au hazipo, fuata alama za kusimama na za kupisha pamoja na mistari ya lami. Anayetoka barabara ndogo anampisha aliye barabara kubwa. Anayekata kulia anampisha anayekuja mbele yake akinyoosha, hata kama taa ya kijani inawawakia wote wawili. Kwenye kipilefti, anayeingia anampisha anayetoka kulia kwake, ambaye tayari yuko ndani.

Kwenye Barabara ya Morogoro yenye mwendokasi katikati, anayekata kulia anavuka pia njia za mabasi. Dereva anayeangalia magari ya kawaida tu na kusahau basi linalotoka nyuma yake upande wa kulia hana pa kujitetea iwapo mshale wake haukuwa umeruhusu.

Mimi ndiye niliyetangulia kuingia makutano, na nimegongwa ubavuni. Si yeye mwenye kosa?

Kugongwa ubavuni hakukupi haki. Kunaonesha tu kwamba ulikuwa mbele ya mwenzako, na pengine hukupaswa kuwa pale.

Tuchukue mtu anayetoka barabara ndogo, amesimama kwenye mstari, anataka kuingia Barabara ya Bagamoyo. Gari linakuja kutoka kulia kwake. Kutoka mstarini mpaka gari lake likae mbele ya anayekuja ni kama mita sita, na kwa mwondoko wa kawaida zinachukua karibu sekunde tatu. Katika sekunde hizo gari lenye kilomita 50 linakwenda mita 42. Lenye kilomita 80 linakwenda mita 67.

Sasa tuseme kuna kibanda na miti, anaona mita 55 tu upande wa kulia. Kama yule wa barabara kubwa alikuwa kwenye 50, alikuwa mita 42 wakati mwenzake anaondoka, yaani anaonekana wazi. Aliyeingia hakutazama, au alitazama akabahatisha. Kosa ni lake kwa sehemu kubwa. Kama alikuwa kwenye 80, alikuwa mita 67, nyuma ya kibanda, na anahitaji mita 60 hadi 70 kusimama. Aliyeingia hakuwa na namna ya kumwona, na mwendo wa kilomita 80 kwenye makazi yenye kikomo cha 50 ndio ulioleta ajali. Hapo lawama ya aliye barabara kubwa inapanda sana, ingawa anayetoka barabara ndogo hafutiwi wajibu wake wote, kwa sababu pasipoonekana vizuri anatakiwa kuchungulia kwa kusogea kidogo kidogo.

Mwendo utathibitishwaje? Alama za breki, kama zipo. Tairi zilizoburuzwa mita 24 kwenye lami kavu zinaonesha mwendo usiopungua karibu kilomita 65 kwa saa, na hapo bado hatujahesabu kasi iliyobaki wakati wa kishindo. Magari mengi ya sasa yana breki zisizofunga tairi, kwa hiyo ukosefu wa alama haumaanishi kwamba hakufunga breki. Kamera ya duka au kituo cha mafuta jirani ni bora zaidi, lakini rekodi nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku chache. Nenda kesho yake, si mwezi ujao.

Dereva wa daladala alisimama, akaniwashia taa nipite. Nilipopita nikagongwa na gari la njia ya pili.

Kwa bahati mbaya, kosa linabaki kwako kwa sehemu kubwa. Aliyekuwashia taa alisema kwamba yeye anakupisha. Hakuwa na mamlaka ya kusema kwa niaba ya njia ya pili, wala ya bodaboda anayepita kando yake. Ulipaswa kusimama tena pua ikiwa mbele ya daladala, uchungulie, ndipo uendelee. Alama zinaonesha kama ulifanya hivyo: aliyechungulia hugongwa kwenye bampa au madigadi ya mbele, aliyepita moja kwa moja hugongwa mlangoni.

Kwenye mataa sote tunasema ilikuwa kijani. Hakuna shahidi.

Angalia magari mengine. Kama waliokuwa nyuma yako walikuwa wameshaanza kuondoka, hiyo inakuunga mkono. Kama walikuwa wamesimama, na ni wewe peke yako uliyeingia, inakuangusha. Kwa hiyo dereva wa gari lililokuwa nyuma yako ni mtu wa kumwomba namba kabla hajaondoka.

Pasipopatikana chochote, mahakama hazirushi sarafu. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishasema tangu 1971 kwamba ushahidi usipoweza kuonesha nani alizembea, wote wawili wachukuliwe kuwa na lawama sawa, na mahakama za Kenya zinaendelea kuufuata msimamo huo. Nusu kwa nusu haimfurahishi yeyote, lakini ndivyo inavyokuwa pale watu wawili wanapoapa vitu viwili.

Nikilipa faini, au tukiandikishana pale pale, nimejimaliza?

Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 na inashawishi, maana unataka kuondoka. Lakini ukiilipa umekubali kosa lililoandikwa, na bima ya upande wa pili itakuonesha karatasi hiyo. Kama huamini kwamba ulikosea, una haki ya kukataa na kwenda mahakamani.

Kuandikishana ni hatari kwa sababu nyingine. Mikataba ya bima karibu yote inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila ridhaa ya kampuni. Karatasi ya daftari yenye maneno "nakubali kutengeneza gari la mwenzangu" inaweza kuipa bima yako sababu ya kujitoa, ukabaki na gereji peke yako. Kumpa mwenzako jina, namba ya simu na jina la bima si kukiri. Wala kumpa pole si kukiri.

Kwa mchubuko mdogo ambao wote mnataka kumalizana, malizaneni, ila andikeni kiasi kilicholipwa na kwamba pande zote hazidaiani tena.

Nikionekana nimechangia asilimia 30, nalipwa nini?

Hasara yako inapunguzwa kwa sehemu yako. Matengenezo yakiwa shilingi milioni 4, unadai milioni 2 na laki 8 kutoka kwa mwenzako. Naye anaweza kukudai asilimia 30 ya hasara yake, na kama gari lake ni ghali, sehemu yako ndogo inaweza kuzidi unachodai. Fanya hesabu hiyo kabla ya kufungua kesi.

Ukiwa na bima ndogo, haikutengenezei gari lako. Inamlipa uliyemkosea, mpaka kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba. Bima kubwa inakutengenezea hata ukiwa na kosa, kisha kama kosa ni la mwenzako kampuni inamfuata yeye. Gari likiwa la mtu na dereva ameajiriwa, mdai humshtaki mwenye gari pamoja na dereva.

Nipige picha gani kabla magari hayajaondolewa?

Kama kuna aliyeumia, mtu kwanza, na magari yasiguswe isipokuwa kwa kumwokoa au kwa amri ya polisi. Majeruhi atahitaji PF3.

Picha za bampa iliyopasuka unaweza kuzipiga hata wiki ijayo. Zinazopotea ni za barabara. Rudi nyuma hatua ishirini na piga magari yote mawili yakionekana pamoja na mistari na ukingo. Piga mahali tairi zilipo, na zilivyokatwa. Inama upige udongo na vioo kwenye lami, ukiweka kiatu au ufunguo kando ili ukubwa uonekane. Piga ulichokuwa unakiona kutoka kwenye kiti chako kuelekea alikotoka mwenzako: kibanda, lori lililoegeshwa, alama ya kusimama iliyozibwa na bango. Mwisho piga stika ya bima ya mwenzako, uihakiki kwenye mfumo wa TIRAMIS palepale, kwa sababu stika za kughushi zipo.

Mwenzangu alikubali kosa, sasa hapokei simu. Nina muda gani?

Bima yake haitaanza kushughulikia dai lako vizuri mpaka yeye mwenyewe atoe taarifa, na wapo wanaojificha kwa makusudi. Iandikie kampuni moja kwa moja, ambatanisha ramani na karatasi za polisi, upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kama ni bima yako mwenyewe inayozungusha, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kesi ya madai ya uzembe inatakiwa ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali, na miezi ya kuahidiana kwenye simu inahesabiwa humo humo.